Dole limekula maharage: yaliyonipata nikiandika rejista ya misaada

Saa nne usiku, tukiwa na tochi mbili za simu na taa moja ya sola, tulihesabu mablanketi mara ya tatu na bado yalikuwa 157. Rejista ilisema yawe 178. Mtendaji wa kijiji alikaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja: "Mwalimu, mablanketi 21 yamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nafundisha Hisabati darasa la sita, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nikabidhiwe daftari. Ilikuwa Aprili 2024, mwishoni mwa Ramadhani, Mto Rufiji umeacha njia yake na kuingia mashambani na majumbani. Watu wa bondeni kwetu maji tumeyazoea. Kila masika yanapanda, yanaacha rutuba, yanashuka, na wenye mashamba ya mbali hukaa juu ya madungu mpaka yapungue. Safari hii yalipanda yakakaa. Shule yetu iko mahali palipoinuka kidogo, kwa hiyo watu walikuja na mitumbwi, kuku, masufuria na watoto, wakajaza madarasa.

Ninaandika haya kwa yeyote atakayeitwa kesho kwa maneno yale yale niliyoitwa nayo mimi: "Wewe unajua kuandika, shika daftari." Kugawa kwenyewe nilikuona kwepesi. Kilichonitoa jasho ni kuandika ulichogawa, kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo anaweza kukifuata hadi blanketi la mwisho.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hata ya kufungua daftari. Lori lilifika Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Hati ya mzigo ilisema mablanketi 600, marobota 20 ya mablanketi 30 kila moja, na magunia 5 ya maharage ya kilo 100. Dereva alitaka kuondoka kabla barabara haijakatika. Vijana walishusha mbio, nikahesabu marobota: ishirini. Nikahesabu magunia: matano. Nikasaini "nimepokea mablanketi 600 katika hali nzuri", dereva akawasha gari akaenda zake.

Ona nilichofanya hapo. Nilihesabu marobota, nikasaini mablanketi. Nilichokiona kwa macho ni vifurushi 20 vilivyofungwa kwa kamba, na ile 600 ilikuwa hesabu ya mtu aliyeko mbali ambayo mimi niliithibitisha kwa sahihi yangu. Kama huna muda wa kufungua, unaweza kuandika ukweli huo huo ulionao: "Nimepokea marobota 20, hayajafunguliwa, idadi ya mablanketi itathibitishwa." Dereva hakatai, kwa sababu kazi yake ni kufikisha marobota. Mstari huo mmoja ungeniokolea nusu ya usiku ule.

Jumamosi asubuhi tuligawa. Orodha ya kaya ilitoka kwa wenyeviti wa vitongoji, nami niliinakili kwenye daftari kubwa la kaunta, mistari 20 kila ukurasa. Safu zangu zilikuwa namba, jina la mkuu wa kaya, namba ya simu, idadi ya watu, mablanketi, maharage, sahihi. Kamati ya maafa ya kijiji ilikuwa imekubaliana kwamba kaya ya mtu mmoja hadi watatu ipate blanketi 1, wanne hadi sita mablanketi 2, saba na kuendelea mablanketi 3. Maharage yalikuwa nusu kilo kwa kila mtu, kwa wiki. (Kuna mgeni aliuliza mablanketi ya nini na joto hili la Rufiji. Alale yeye usiku mmoja kwenye sakafu ya saruji ya darasa lililoingia mvua, halafu aulize tena.)

Kabla ya saa tatu tulikuwa tumekwama kwenye neno moja: kaya. Bwana mmoja ameandikwa mara moja, watu 11, kwa hiyo mablanketi 3. Mkewe wa pili akasogea na watoto wake wanne. "Mwalimu, mimi nina jiko langu. Hayo matatu yakienda kwa bi mkubwa, hayatafika kwangu." Alikuwa na haki. Bi mkubwa na watoto wake walikuwa sita, wakiwa na mume, na bi mdogo na wake walikuwa watano, wanapika mbali, wamelala darasa tofauti. Wakihesabiwa kama majiko mawili wanapata 2 na 2, jumla 4. Tukaamua papo hapo: kaya ni wanaokula chungu kimoja, na anayeandikwa ni anayepika kwenye chungu hicho. Mume huandikwa kwenye jiko moja tu, analochagua mwenyewe mbele ya wake zake, na niseme ukweli, foleni nzima ilinyamaza kusikiliza atachagua lipi.

Ule mgao wa kimafungu una mlango wa nyuma ambao watu waliuona kabla yangu. Kaya ya watu 8 inapata 3, lakini ikijigawa wanne wanne inapata 4. Kufikia adhuhuri kaya zilikuwa zinazaana. Dawa ilikuwa mwenyekiti wa kitongoji kukaa mezani wakati watu wake wanaitwa. Anajua nani ana jiko na nani ameota jiko asubuhi ile.

Sasa nije kwenye dole, maana hapo ndipo nilipoharibu zaidi, na uharibifu wenyewe haukuonekana kwenye hesabu.

Meza yangu niliiweka mlangoni, watu wakiingia tu. Nilikuwa na kidau cha wino wa muhuri. Mtu anafika, namtafuta kwenye orodha, najaza mablanketi anayostahili na maharage anayostahili, anatia sahihi au dole gumba la kushoto, kisha anaingia darasa la pili kuchukua mzigo. Nilifikiri nimepanga vizuri, kwa sababu foleni ilikwenda haraka na wino haukuchafua mablanketi. Kufikia saa tisa kaya zote 212 zilikuwa zimesaini. Watu 987, kila mmoja nusu kilo, kilo 493 na nusu. Kutoka kilo 500, salio kilo 6 na nusu. Nikapiga mstari chini ya safu, nikajiona fundi.

Nje kulikuwa na kelele. Maharage yalikuwa yamekwisha na watu bado walikuwa wamepanga mstari na mifuko mitupu. Tulihesabu, zilikuwa kaya 24, watu 95. Bibi mmoja wa makamo ya mama yangu aliingia moja kwa moja mpaka mezani kwangu, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kutabasamu, akaweka kidole chake chenye wino juu ya daftari. "Mwanangu, dole langu limekula maharage. Mimi sijala."

Nilitazama mstari wake. Watu wanne, kilo mbili, dole zuri, limejaa, halijatoka nje ya kisanduku. Kwa daftari langu bibi yule alikuwa ameshapokea. Kama angekuwa mpole zaidi, akageuka akaenda zake, hakuna mkaguzi duniani ambaye angegundua. Safu ya maharage ilijumlishika, ilifunga, ilikuwa na sahihi 212, na ilikuwa ya uongo kwa watu 95.

Maharage yalikwenda wapi? Hayakuibwa. Yalikwenda ndani ya kopo. Vijana walikuwa wanapimia kwa kopo la plastiki lililokatwa, ambalo mwenye duka alituhakikishia ni la nusu kilo. Jioni ile tulikwenda kuazima mizani yake. Kopo likipigwa mfuto, yaani ukipitisha kijiti juu ya mdomo wake, lilikuwa nusu kilo barabara. Lakini kijana mwenye huruma hapimi mfuto. Anapima tele, kopo lina kichwa, na kopo la tele lilikuwa gramu 560. Gramu 60 si kitu ukiwa na kopo moja. Gawa kilo 500 kwa makopo ya gramu 560 uone: unapata makopo 892, na sisi tulihitaji 987. Tofauti ni 95, watu wale wale waliosimama nje. Ukarimu wetu kwa waliotangulia ulilipwa na waliokuwa mwisho wa mstari, ambao wengi walikuwa wazee na wenye watoto mgongoni, kwa sababu hao ndio hawawezi kukimbilia foleni.

Tangu siku ile mpimaji ana kijiti. Kopo linapimwa kwenye mizani asubuhi mbele ya watu, mara tatu, na uzito wake unaandikwa juu ya ukurasa wa siku hiyo. Gunia nalo linapimwa kabla ya kufunguliwa, maana gunia la kilo 100 lililosafiri na kutobolewa kwa kulabu si lazima liwe na kilo 100. Kwenye safu ya maharage siandiki tena kilo, naandika makopo, kwa sababu makopo ndiyo mpokeaji anayoyaona na kuyahesabu kwa mdomo wake. Kilo nazikokotoa mwenyewe chini ya ukurasa. Yaliyomwagika na kufagiliwa yanapimwa na kuandikwa kwenye mstari wake, "yaliyomwagika", hata kama ni robo kilo. Usipouandika mstari huo, mwisho wa siku utajikuta unatafuta mwizi wa robo kilo.

Na meza ya sahihi ilihama. Ilitoka mlangoni ikaenda upande wa kutokea, nyuma ya mzigo. Mlangoni anakaa mtu mwenye orodha tu, anakutambua na kukupa kikaratasi chenye namba ya kaya na idadi. Unaingia, unapewa. Ukitoka unakuta daftari, mwandishi anakutazama mikononi, anakuuliza, "Umepokea mablanketi mangapi? Makopo mangapi?" Unataja, anaandika alichokisikia na kukiona, unasaini. Kama vilivyoandikwa kwenye kikaratasi na vilivyo mkononi havilingani, mtu anarudishwa ndani kabla wino haujagusa kidole chake. Foleni ilichelewa, ndiyo. Watu walinung'unika saa ya kwanza. Lakini sahihi inayotangulia mzigo ni ahadi tu, na mimi nilikuwa nimeiandika kwenye safu ya risiti.

Usiku ule, kabla ya mablanketi, ilibidi nirekebishe mistari 24. Mjumbe mmoja wa kamati alinishauri kwa nia njema ninakili ukurasa upya, safi, watu wasaini tena kesho. Nilitamani sana. Namshukuru mtendaji aliyenikataza, maana ukurasa ulionakiliwa usiku na mtu mmoja hauaminiki hata kama ni wa kweli. Tulikata tarakimu ya maharage kwa mstari mmoja, bado inasomeka, tukaandika 0 juu yake, mimi na mtendaji tukatia herufi za majina yetu pembeni. Hakuna rangi nyeupe ya kufutia, hakuna wembe, hakuna penseli. Kisha tukafungua orodha ya wanaodai kwenye ukurasa mpya: namba ya kaya, jina, makopo anayodai, na nafasi tupu ya sahihi atakapolipwa. Bibi yangu alikuwa namba moja, kwa amri yake mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo tulipohesabu mablanketi, na ndipo ile 157 ikatoka badala ya 178.

Usiku kama huu mtu huanza kuwatazama wenzake. Nilimtazama mgambo aliyelinda mlango, naye nadhani alinitazama mimi. Lakini kabla ya kumtazama mtu, tazama karatasi. Upungufu una mahali pachache pa kujificha: mzigo ulioingia pungufu, kosa la kujumlisha, kilichotoka bila kuandikwa, na mwisho kabisa wizi. Tulikwenda kwa mpangilio huo.

Mzigo ulioingia. Kwa bahati hatukuwa tumetupa maganda ya marobota, watoto waliyataka ya kulalia. Tuliyaleta kwenye taa, tukasoma maandishi ya nje moja moja. Kumi na nane yalikuwa na chapa ya 30. Mawili, ya rangi tofauti kidogo, yaliandikwa 25. Kwa hiyo tulipokea 590, hatukupokea 600. Mablanketi 10 hayakuwahi kufika kijijini kwetu, na mimi niliyasainia.

Kosa la kujumlisha. Zilibaki 11, nikaanza kujumlisha kurasa upya. Daftari lilikuwa na kurasa 11, na mtindo wangu ulikuwa kuandika jumla ya kila ukurasa chini, kisha kuzihamisha zote kwenye karatasi ya mwisho. Hapa kuna ujanja ambao wahasibu wanaujua na mimi mwalimu wa Hisabati nilikuwa nimeusahau: ukipindua tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti yake daima inagawanyika kwa 9. 43 na 34, tofauti 9. 72 na 27, tofauti 45. Zile 11 hazikugawanyika kwa 9, kwa hiyo sikupata fununu yoyote, ila nilipofika ukurasa wa saba nikakuta chini yake nimeandika 43, na kwenye karatasi ya mwisho nimehamisha 34. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemcheka mbele ya darasa zima. Kwa hiyo tuligawa 431, si 422. Zikabaki 2.

Kilichotoka bila kuandikwa. Tuliulizana kila mmoja tangu asubuhi. Mgambo, yule yule niliyemtazama vibaya, akakumbuka: saa sita mama mjamzito alishikwa na uchungu, akapelekwa na mtumbwi hadi ng'ambo penye gari, na mtu fulani alichukua blanketi juu ya rundo akamfunika. Alikuwa mimi. Nilimfunika mwenyewe kwa mikono yangu na sikuandika, kwa sababu hakuwa kwenye foleni na safu zangu zilijua foleni tu. Tukaandika: blanketi 1, dharura, mgonjwa aliyesafirishwa, saa sita mchana, mashahidi wawili.

Likabaki moja. Tulipokea 590, tukatoa 431 kwenye foleni na 1 kwa mgonjwa, yaani 432. Ilitakiwa yabaki 158. Yalikuwa 157. Tulitafuta nyuma ya kabati, tukatafuta chini ya madawati, tukahesabu tena. Mjumbe akatania kwamba tuwaambie wakubwa panya wa Rufiji wanajifunika. Mwishowe mtendaji akaamuru liandikwe lilivyo: "Upungufu blanketi 1, chanzo hakijajulikana", tukasaini wanne, mimi, yeye, mwenyekiti wa kijiji na mwakilishi wa waathirika waliolala shuleni.

Niliogopa mstari ule kuliko makosa yangu yote. Nilidhani utaonekana kama kukiri wizi. Wiki mbili baadaye walipokuja kukagua, mkaguzi aliusoma, akauliza maswali mawili, akapita. Aliposimama kwa muda mrefu ni kwenye maharage. Aliweka kidole kwenye tarakimu zilizokatwa akataka kujua kila moja, akaiomba orodha ya wanaodai, akatoka nje na kuuliza watu watatu aliowachagua mwenyewe. Akaniambia kwamba daftari lililofunga kikamilifu, bila upungufu wala mmwagiko wowote, ndilo linalomfanya avue miwani aifute.

Tuliporudia kugawa wiki iliyofuata tulibadili mambo mengine mawili, na haya ndiyo ninayoyaona yamefaa kuliko yote. La kwanza, madaftari yakawa mawili na watu wawili. Mimi nilishika rejista ya kaya kwenye mlango wa kutokea. Ndani ya stoo alikaa mtu mwingine na kadi ya stoo, anaandika kilichoingia, kilichotoka na salio, bila kujua mimi nimeandika nini. Mtu mmoja akishika vyote viwili atavilinganisha bila kujua, mkono unapenda hesabu ifunge.

La pili, tulifunga kila ukurasa. Kaya 20 zikiisha, foleni inasimama dakika tano. Najumlisha ukurasa, nataja kwa sauti, wa stoo anataja chake, vijana wanahesabu rundo. Zikilingana tunasaini wote wawili chini ya ukurasa na kuendelea. Zisipolingana tunatafuta hapo hapo, watu bado wanakumbuka, na kosa lina kaya 20 tu za kujifichia. Mara moja tulikuta blanketi moja limezidi, kaya ya watu saba imepewa mawili. Kijana alikimbia akamkuta mwenye nayo chini ya mwembe, akampa la tatu. Siku ya kwanza, hilo lingekuwa limepotelea ndani ya 212. Ukurasa wa mwisho ukiwa na mistari mitupu, pigia mstari wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, ili asiingie kaya ya usiku wa manane.

Mambo madogo madogo nayo yanagharimu. Kalamu ya wino wa majimaji haifai, tone moja la mvua limenimezea majina manne. Bolpeni ya kawaida inavumilia. Vidole vya wakulima wazee vimelimika mpaka mistari imekwisha, dole linatoka kama doa, kwa hiyo andika jina la shahidi kando yake. Anayempokelea mwingine asaini jina lake mwenyewe, na uandike "kwa niaba ya". Watu wawili walitaka kuwasainia waume zao waliokwenda kuvua kwa kuandika majina ya waume, na mmoja wa waume hao, kumbe, alikuwa amesaini kwenye kituo kingine.

Na daftari lisipigwe picha ovyo. Kijana wetu mmoja, kwa kutaka uwazi, alipiga picha ukurasa wa tatu akauweka kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Majina, namba za simu, nani anaishi peke yake na watoto wangapi. Kesho yake wajane wawili walipigiwa simu na mtu aliyejifanya afisa wa misaada, anaomba "pesa ya kufungulia faili". Tangu hapo tulibandika ukutani jumla tu: kilichoingia, kaya ngapi, kilichotoka, kilichobaki. Watu walitosheka. Walichotaka kujua ni salio, hawakuhitaji namba ya simu ya jirani.

Maharage mengine yalifika siku ya nne. Kabla ya kufungua gunia kwa ajili ya mtu yeyote, tuliita orodha ya wanaodai. Bibi alikuja wa kwanza na mfuko wake, akasimama juu ya kopo kama mwamuzi, akahakikisha kijiti kinapita. Makopo manne. Alipokea, akaupima mfuko kwa mkono, ndipo akaja mezani kwangu na kunyoosha kidole gumba. "Haya," akasema, "sasa limpe mwenzie."

Kaya 23 zililipwa siku ile. Ya 24 ilikuwa imeshaondoka kwenda kwa ndugu Ikwiriri, watu watatu, makopo matatu. Tuliyapima yakafungwa kwenye mfuko, tukaandika namba ya kaya juu yake kwa kalamu nene, tukauandika kwenye kadi ya stoo kama salio la mtu na kuuweka kabatini kwa mwalimu mkuu. Mwenyewe alikuja Juni, maji yameshashuka, kufuata mtoto shule. Maharage yalikuwa yameanza kuingia wadudu. Alisaini hata hivyo, akaenda kuyaanika.